Mti-B au mti wa LSM: gharama ya kompaksheni hulipwa wapi na lini

*Mtaalamu, habari za kazi. Tuna jedwali la MySQL linalotumia InnoDB, lenye rekodi bilioni 2, kila moja kama baiti 200, linalohesabu kila mteja amefungua kila bidhaa mara ngapi. Linaandikwa mara 5,000 kwa sekunde, funguo zimetawanyika ovyo, na diski ya SSD imezidiwa ingawa bafa ya kumbukumbu ni GB 40. Mwenzangu mmoja anasema tuhamie injini ya LSM kama MyRocks. Mwingine anasema kompaksheni itakula faida yote. Nani yuko sahihi?*

Ndugu msomaji, kwa hali uliyoieleza, mwenzako wa kwanza ameikaribia kweli zaidi. Hata hivyo, huyo wa pili anataja gharama iliyopo kweli, na asipopuuzwa mtajiepusha na usumbufu mkubwa baadaye. Namba ulizotoa zinatosha kufanya hesabu, kwa hiyo tuifanye.

Mti-B, ambao Rudolf Bayer na Edward McCreight waliubuni walipokuwa Boeing karibu na mwaka 1970, huhifadhi rekodi ndani ya kurasa za ukubwa maalumu, na kila ufunguo una ukurasa wake mmoja tu. Katika InnoDB ukurasa huo kwa kawaida ni KB 16. Unapoongeza hesabu ya mteja mmoja, injini huutafuta ukurasa wake, huuleta kwenye bafa kama haumo, huubadilisha humo humo, huandika mabadiliko kwenye logi, kisha baadaye huurudisha ukurasa mzima kwenye diski. Hata ukibadilisha baiti 200 tu, zinazorudi ni baiti 16,384. Faida ya muundo huu inategemea ukurasa kuguswa mara nyingi kabla ya kurudishwa, ili safari moja ya diski ibebe mabadiliko mengi.

Kwenu hilo halitokei. Rekodi bilioni 2 za baiti 200 ni GB 400 za data halisi. Kurasa za mti-B unaoingiziwa funguo bila mpangilio hujaa kwa wastani wa asilimia 69 hivi, kwa hiyo jedwali lenu linachukua karibu GB 580, yaani kurasa milioni 35. Mkiandika mara 5,000 kwa sekunde kwa mtawanyiko sawa, ukurasa mmoja huguswa mara moja kwa takriban saa mbili. Bafa ya GB 40 inabeba kurasa milioni 2.4 tu, na kwa kuwa karibu kila uandishi unaleta ukurasa mpya, ukurasa hukaa humo kama dakika nane kabla ya kupisha mwingine. Dakika nane ndani ya saa mbili ni nafasi ya takriban asilimia 7 ya kuguswa tena. Maana yake ni kwamba karibu kila uandishi wenu hulipa nauli kamili: ukurasa mmoja kusomwa na ukurasa mmoja kuandikwa.

Zidisha sasa. Uandishi 5,000 kwa KB 16 ni MB 82 kwa sekunde. InnoDB tena huandika kila ukurasa mara mbili, kwanza katika eneo la ulinzi na kisha mahali pake, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya kuandika KB 16 ukurasa unaweza kubaki nusu mpya na nusu wa zamani, na logi peke yake haiwezi kuutengeneza. PostgreSQL hukabiliana na hatari hiyo hiyo kwa kuweka picha ya ukurasa mzima ndani ya logi kila ukurasa unapobadilishwa mara ya kwanza baada ya chekipointi. Kwa InnoDB mnafika MB 164 kwa sekunde, wakati programu yenu imeomba kuandika MB 1 tu. Uwiano huo ndio huitwa ukuzaji wa uandishi, na kwenu ni takriban 164. Kwa siku nzima ni TB 14. Diski ya TB 1.92 iliyodhaminiwa kuandikwa yote mara moja kwa siku kwa miaka mitano ingekuwa inaandikwa zaidi ya mara saba kila siku, kwa hiyo ingemaliza udhamini wake ndani ya mwaka mmoja.

Mti wa LSM, uliochapishwa na Patrick O'Neil na wenzake mwaka 1996, unaondoa sharti la ufunguo kuwa na mahali pamoja pa kudumu. RocksDB, ambayo Facebook walianza kuijenga mwaka 2012 kutokana na LevelDB ya Google na ambayo ndiyo moyo wa MyRocks, huandika badiliko kwenye logi na kuliweka katika jedwali lililopangwa ndani ya kumbukumbu. Jedwali hilo likifika MB 64 humwagwa kwenye diski likiwa faili moja iliyopangwa kwa ufunguo, na faili hiyo haibadilishwi tena. Toleo la zamani la rekodi linabaki lilipo. Kwa hiyo faili huongezeka, matoleo ya rekodi moja hutapakaa, na lazima kuwe na kazi ya nyuma ya kusoma faili kadhaa, kuziunganisha, kutupa matoleo yaliyopitwa na wakati na kuandika faili mpya. Kazi hiyo ndiyo kompaksheni. Si usafi wa hiari. Bila hiyo kila usomaji ungelazimika kupekua faili nyingi zaidi siku hadi siku, na diski ingejaa matoleo yasiyo na kazi.

Katika mpangilio wa ngazi, ambao ndio wa kawaida, faili zinazotoka kwenye kumbukumbu hutua ngazi ya sifuri, ambako faili zinaweza kupishana funguo. Kuanzia hapo kwenda chini, ndani ya ngazi moja hakuna faili mbili zenye funguo zinazoingiliana, na kila ngazi ni kubwa mara kumi kuliko iliyo juu yake. Kwa data yenu ngazi ya mwisho itakuwa GB 400, juu yake GB 40, kisha GB 4, kisha GB 0.4. Faili ya MB 64 inaposhuka ngazi moja hukuta chini yake faili kama kumi zinazogusa funguo zake, na zote kumi hulazimika kusomwa na kuandikwa upya pamoja nayo. Hapo ndipo gharama ilipo. Rekodi moja hulipa uandishi mmoja wa logi, mmoja wa kumwagwa, kama miwili na nusu ya kuingia ngazi ya GB 0.4, na hadi kumi na moja kwa kila moja ya hatua tatu zinazofuata. Jumla ya hali mbaya ni karibu 38.

Mfumo unaoendeshwa vizuri huwa chini ya hapo, kwa sababu RocksDB huchagua kwanza faili zinazopishana kidogo na ngazi ya chini, na kwa sababu rekodi zilizobadilishwa mara kadhaa huunganishwa zikiwa bado juu. Katika MyRocks amri ya kuona hali halisi ni hii:

```
SHOW ENGINE ROCKSDB STATUS\G
```

Ndani ya majibu yake tafuta jedwali la takwimu za kompaksheni. Huu ni mfano wa jinsi linavyoweza kuonekana kwa data ya ukubwa wenu, nikiwa nimeacha safu nyingi:

```
Level   Files    Size       Score   W-Amp
  L0     3/0     185 MB      0.8     1.0
  L3     7/0     398 MB      1.0     2.4
  L4    63/2    4.02 GB      1.0     6.8
  L5   620/0    40.1 GB      1.0     7.1
  L6  6210/0     398 GB      0.0     7.6
 Sum                                24.9
```

Safu ya mwisho ndiyo ukuzaji wa uandishi kwa kila ngazi, na mstari wa chini ni jumla yake bila logi. Ukiongeza logi unapata takriban 26, yaani MB 26 kwa sekunde badala ya MB 164, ambayo ni TB 2.2 kwa siku badala ya 14. Utaona kwamba hata hizo TB 2.2 zinazidi kidogo udhamini wa ile diski ya TB 1.92. Kwa hiyo mwenzako wa pili hajakosea kwa kusema kompaksheni ni ghali. Amekosea kwa kuilinganisha na sifuri, ilhali inapaswa kulinganishwa na gharama mnayolipa sasa.

Hesabu hii yote inasimama juu ya neno ulilolitaja katikati ya swali lako, kwamba funguo zimetawanyika. Kama ufunguo wenu ungekuwa unapanda kwa mfuatano, mfano namba inayoongezeka yenyewe kwenye jedwali la matukio, mti-B ungejaza ukurasa mmoja kwa rekodi themanini na kuuandika mara chache tu. Ukuzaji ungekuwa mdogo sana, na kuhamia LSM kusingekuwa na maana kubwa kwa upande wa uandishi. Vilevile kama data yote ingetosha kwenye bafa, kila ukurasa ungekusanya mabadiliko mengi kabla ya kurudishwa. Nimeona watu wakihama injini kwa sababu tu wamesikia kwamba LSM ni ya uandishi mwingi, wakati wingi wa uandishi si kigezo cha kutosha. Kigezo ni uandishi mwingi unaogusa sehemu pana ya data kuliko kumbukumbu iliyopo. Faharasa za pili nazo zihesabiwe, maana jedwali lenye ufunguo mkuu unaofuatana vizuri linaweza kuwa na faharasa mbili zilizotawanyika, na hizo ndizo zinazoiua diski.

Kuna jambo linalowahusu ninyi moja kwa moja ambalo wenzako wote wawili hawakuligusa. Uandishi wa LSM ni mwepesi pale unapoandika bila kutaka kujua kilichokuwapo. Ninyi mnaongeza hesabu, na amri kama `UPDATE ... SET n = n + 1` lazima isome thamani ya zamani kwanza. MyRocks itaandika kwa wepesi, lakini bado itafanya usomaji wa mtawanyiko mara 5,000 kwa sekunde. Kila ngazi ina vichujio vya Bloom vinavyoiambia injini kwamba ufunguo fulani haumo katika faili fulani. Kwa biti 10 kwa kila ufunguo hukosea takriban mara moja katika mia, kwa hiyo usomaji mwingi utagusa diski mara moja tu. Kwa rekodi bilioni 2 vichujio hivyo vinahitaji kama GB 2.5 za kumbukumbu, na ni vyema vikae humo daima. SSD ya kisasa ya seva inamudu usomaji huo bila taabu, ila msitarajie utoweke. Mkitaka utoweke, mtumie RocksDB moja kwa moja na operesheni yake iitwayo `Merge`, ambayo huandika tu kwamba hesabu iongezwe moja na kuacha kompaksheni au msomaji wa baadaye ajumlishe. Mtakuwa mmepoteza SQL, na kwa maoni yangu huo ni ubadilishanaji ambao jedwali moja la hesabu linaweza kustahili lakini mfumo mzima haustahili.

Sasa nije kwenye lini, kwa kuwa hapo ndipo LSM huwaumiza wasioizoea. Mti-B uliozidiwa huonyesha maumivu papo hapo, maana kila uandishi unachelewa. LSM hupokea uandishi leo na kuacha kazi ya kompaksheni ikusanyike kama deni. Chukulia kwamba siku ya ofa kubwa uandishi wenu unapanda kutoka 5,000 hadi 40,000 kwa sekunde, yaani MB 8, na kwamba diski na nyuzi mlizoipa kompaksheni zinamudu kuandika MB 100 kwa sekunde. Kwa ukuzaji wa 25, kazi inayozaliwa ni MB 200 kwa sekunde, nusu yake inafanyika na nusu inalimbikizwa. Baada ya dakika kumi na moja hivi deni linafika GB 64, ambacho ndicho kikomo laini cha RocksDB usipokibadilisha. Kuanzia hapo injini huanza kuwapunguzia waandishi kasi kwa makusudi, na deni likiendelea kukua huizidisha breki hiyo hatua kwa hatua. Likifika GB 256 uandishi husimamishwa kabisa. Kikomo kingine ni cha ngazi ya sifuri: faili 20 huleta breki na faili 36 husimamisha. Kinachofika kwanza ndicho kinachoamua.

Ukiwa upande wa programu, dalili yake ni ya kutatanisha. Wastani wa muda wa kuandika unabaki mzuri kwa dakika nyingi, kisha ghafla maombi yanachukua sekunde nzima, ilhali idadi ya maombi haijabadilika tangu mwanzo wa wimbi. Watu huanza kutafuta kosa kwenye mtandao. Ndiyo maana ufuatiliaji wenu usitazame muda wa kuandika peke yake, bali uzitazame thamani hizi, ambazo huonya mapema:

```
rocksdb.estimate-pending-compaction-bytes
rocksdb.num-files-at-level0
rocksdb.actual-delayed-write-rate
```

Ya kwanza ni deni lenyewe. Likipanda mchana na kurudi chini usiku, mfumo una afya. Likiwa kila asubuhi linaanzia juu kuliko jana yake, mna upungufu wa kudumu ambao haujaonekana bado, na hakuna kikomo cha kuongeza kitakachouponya. Kuviinua vikomo hivyo husogeza mbele siku ya kusimama na kuifanya iwe ndefu zaidi. Tiba ni kuipa kompaksheni uwezo zaidi. `max_background_jobs` kwa kawaida ni 2 tu, na kwa seva yenye viini kumi na sita, kazi nane ni mahali pa kuanzia. Inawezekana pia kupunguza kazi yenyewe kwa kubadilisha aina ya kompaksheni.

Aina hiyo mbadala huacha faili zilizopangwa zikusanyike kadhaa zenye ukubwa unaolingana, kisha huziunganisha pamoja kwa mpigo. RocksDB huiita `universal`. Rekodi huandikwa upya mara chache sana, kwa hiyo ukuzaji hushuka mno. Gharama huhamia mahali pengine: usomaji hupitia sehemu nyingi zaidi, na wakati wa kuunganisha kila kitu data ya zamani na mpya hukaa pamoja kwenye diski, hivyo GB 400 zinaweza kuhitaji karibu GB 800 kwa muda. Mpangilio wa ngazi, kinyume chake, una ziada ya kama asilimia 11 tu, kwa kuwa ngazi za juu zote kwa pamoja ni sehemu ndogo ya ile ya mwisho. Kwa jedwali lenu, ambalo kila uandishi unaanza na usomaji, nisingewashauri muache mpangilio wa ngazi.

Nafasi ya diski ni faida nyingine ya ngazi. GB 580 za mti-B zinakuwa kama GB 445 kabla hata ya kubana data, na faili zisizobadilika hubanwa vizuri kuliko kurasa. Facebook walipohamisha hifadhidata yao kuu ya watumiaji kutoka InnoDB kwenda MyRocks, walichokuwa wakikitafuta hasa ni nafasi, na waliipunguza kwa takriban nusu.

Ufutaji pia uwekwe akilini. Kufuta katika LSM ni kuandika alama kwamba ufunguo umefutwa, na alama hiyo huishi hadi ifike ngazi ya mwisho. Siku mtakayofuta hesabu za wateja milioni kadhaa, usomaji wa mfululizo unaopita eneo hilo utalazimika kuruka alama moja moja, na vichujio vya Bloom havisaidii usomaji wa aina hiyo. Baada ya ufutaji mkubwa, endesheni kompaksheni ya eneo hilo kwa mkono, wakati wa utulivu.

Kabla ya kuamua, fanyeni jaribio, lakini msilifanye kwenye hifadhidata tupu. Katika nusu saa ya kwanza ngazi za chini hazijazaliwa, karibu hakuna kinachoandikwa upya, na LSM yoyote huonekana ya ajabu. Pakieni kwanza rekodi zote bilioni 2, kisha endesheni mabadiliko ya mtawanyiko kwa kasi yenu halisi mpaka mstari wa jumla wa `W-Amp` uache kupanda. Kiasi cha kuandika kinachohitajika ni angalau GB 40 na zaidi, ili ngazi ya kabla ya mwisho ijae na kuanza kumwaga chini, na kwa MB 1 kwa sekunde hizo GB 40 pekee ni zaidi ya saa kumi na moja. Baada ya hapo ndipo mpandishe hadi 40,000 kwa saa moja na mtazame deni linafika wapi, na linachukua muda gani kurudi.

Jaribio hilo likionyesha deni linarudi chini kabla ya wimbi linalofuata, hameni. Lisiporudi hata baada ya kuongeza nyuzi, gawanyeni jedwali katika diski mbili kabla ya kuhama.